Neno "ifuatiliwe" lilitukosesha msimu mzima wa viazi

Nimekuwa katibu wa kikundi chetu cha wakulima wa viazi mviringo miaka minne, huku juu upande wa Isyonje, pale barabara ya Tukuyu inapochepuka kwenda Kitulo, na mwezi huu nakabidhi daftari kwa mwenzangu. Ndo maana nimekaa kuandika haya, maana nikiangalia nilivyoanza na ninavyomaliza naona kuna vitu ningependa mtu angeniambia mapema, tungeokoa hela na tungeokoa msimu.

Tuko wanachama 24. Tunakaa kikao kila Jumapili ya pili ya mwezi baada ya ibada, kwenye darasa la shule tunaloazima. Juni na Julai baridi ya huku mnaijua wenyewe, ukungu unaingia mpaka dirishani, watu wamejifunga mashuka na blanketi, mtoto yuko mgongoni, na ikifika saa tisa kila mtu anataka sala ya kufunga arudi nyumbani kwenye moto. Hili la baridi nalisema makusudi kwasababu maamuzi mengi ya kikao yanapotelea pale mwishoni, dakika kumi za mwisho, watu wameshasimama nusu na mabenchi yanaburuzwa.

Nilichaguliwa ukatibu kwa sababu ya mwandiko. Mwaka wa kwanza niliamini muhtasari mzuri ni ule mrefu, kwahiyo nilikuwa naandika kila kitu, fulani alisema hivi, fulani akachangia, mwingine akakazia, kurasa nne tano kila kikao kwenye kaunta buku, na watu walinisifia kweli. Nikisoma kikao kinachofuata inachukua karibu nusu saa na wazee wanatikisa kichwa, ndiyo, ndivyo tulivyosema. Tulivyosema yalikuwepo yote. Tulichoamua ndo kilikuwa hakionekani.

Nanukuu kama nilivyoandika kwenye kikao cha Julai 2022, ajenda namba nne:

"Wajumbe walijadili kwa kirefu suala la mbegu. Ilionekana mbegu za kurudiarudia zimechoka na zinaleta mnyauko. Kikao kiliazimia kwamba mbegu bora zifuatiliwe mapema na wajumbe wachangie kwa wakati."

Someni tena hiyo sentensi ya mwisho. Siku ile kila mtu aliipigia makofi. Agosti ikapita, ajenda kubwa ilikuwa msiba na michango yake, Septemba kikao hakikufika akidi, Oktoba ndo mwenyekiti akauliza, haya jamani, mbegu zimefikia wapi? Kimya. Mweka hazina akasema yeye amepokea hela ya watu tisa, elfu arobaini arobaini, jumla 360,000, na wengine hawajaleta kwasababu hawakuambiwa mwisho lini. Mwenyekiti alidhani mimi katibu ndo nitaandika barua. Mimi nilidhani mwenyekiti atapiga simu kwasababu yeye ndo anafahamiana na mkulima anayezalisha mbegu. Kijana wetu mwenye bodaboda alikuwa anasubiri kutumwa. Hakuna aliyedanganya pale na hakuna mvivu, kila mmoja alikuwa na hakika kabisa kwamba kuna mtu mwingine anafuatilia.

Na mbegu za viazi hazisubiri. Mvua za huku zinaanza Novemba, ila mbegu huwezi kuichimbua leo ukaipanda kesho, lazima ikae kwenye vichanja penye mwanga hafifu wiki kadhaa mpaka itoe machipukizi mafupi yenye nguvu. Kwahiyo mtu anayeanza kutafuta mbegu Oktoba ameshachelewa, waliojipanga wameshaweka oda tangu Agosti. Tukanunua viazi vya sokoni tukapanda. Januari mimea ikaanza kulala mchana ikiwa bado kijani kabisa, ukikata shina karibu na ardhi ukalitumbukiza kwenye glasi ya maji safi unaona nyuzi nyeupe kama maziwa zinashuka, hapo ni mnyauko bakteria na hauna dawa ya kupulizia. Shamba langu la robo ekari nilitoa gunia tatu.

Sasa usiku mmoja nikakaa na lile daftari na kalamu ya risasi nikapitia vikao vyote vya mwaka mzima, nikawa napigia mstari kila mahali palipoandikwa azimio. Nikaanza kuona kitu. Ifuatiliwe. Ishughulikiwe. Itengenezwe. Wahamasishwe. Ipelekwe. Mwandiko ni wangu, maneno ni yangu, na kwenye maneno hayo yote hamna mtu ndani. Kiswahili chetu kinaruhusu useme jambo lifanyike bila kusema nani alifanye na linasikika zuri kabisa, lina heshima, halimnyooshei mtu kidole, ndo maana tunalipenda kwenye vikao. Ila nilipolinganisha nikaona maazimio machache niliyoandika kwa bahati na jina la mtu, mfano mama fulani alete sufuria la kikundi kwangu Ijumaa, karibu yote yalifanyika, na haya ya "ifuatiliwe" karibu yote yalikufa. Na kuna ndugu yake ambaye ni mbaya hivyohivyo, ukiandika "uongozi utashughulikia" au "kamati itaona", maana uongozi ni watu watano na kila mmoja anawaona wale wanne.

Kikao kilichofuata nikaomba dakika kumi nikawasomea hayo. Sikumtaja mtu, nikasema kosa ni la uandishi na uandishi ni wangu. Nikaomba ruhusa ya kitu kimoja: kuanzia siku ile nikisikia azimio limeishia na "ifuatiliwe" ninyooshe mkono na kuuliza, nani? Mwenyekiti wetu ni mzee mwenye busara, akasema mwanangu, uliza tu.

Tulivyokubaliana ni kwamba azimio halijawa azimio mpaka liwe na vitu vinne, yaani jina la mtu mmoja, kitendo anachokifanya, tarehe, na kitu ambacho tutakiona tukajua kweli limefanyika. Hicho cha nne watu wanakisahau sana kumbe ndo kinachomaliza ubishi. Mtu akisema "nimeongea na fundi" utajuaje wamefikia wapi? Lakini ukiwa umeandika tangu mwanzo kwamba ushahidi ni karatasi yenye bei ya fundi, basi karatasi ipo au haipo.

Ngoja niwaonyeshe ajenda ileile ya mbegu mwaka uliofuata, kikao cha tarehe 9 Julai 2023. Safari hii tulianza kuhesabu kutoka mwisho kurudi nyuma. Tunapanda katikati ya Novemba, mbegu ziwe kwenye vichanja katikati ya Septemba, basi hela iwe imetimia Agosti, basi bei tuijue Julai hiihii. Tarehe zikajitokeza zenyewe, hatukubishana. Nikaandika hivi:

7/1. Katibu ataenda Uyole kwenye kituo cha utafiti kuulizia mbegu, aina zilizopo, bei ya gunia na mwisho wa kuweka oda. Mwisho Jumamosi 22 Julai. Ushahidi: majibu yameandikwa kwenye grupu.

7/2. Mweka hazina atapokea shilingi 40,000 (elfu arobaini) kwa kila mwanachama. Mwisho Jumapili 13 Agosti kabla kikao hakijaanza. Ushahidi: vishina vya risiti.

7/3. Makamu mwenyekiti atatengeneza vichanja vitatu kwenye banda lake. Mwisho 31 Agosti. Ushahidi: katibu na mweka hazina wamefika wakaviona.

Namba hizo ni rahisi, saba ni mwezi wa kikao na ya pili ni namba ya azimio, na daftari likivuka mwaka naongeza mwaka mbele. Faida yake utaiona baadaye mtu akisema "lile la mbegu", unamuuliza lipi, 7/1 au 7/2? Maana "lile la mbegu" ni mambo matatu ya watu watatu na likiwa moja halina mwenyewe.

Lilivyokwenda sasa. La kwangu lenyewe ndo lilianza kuchelewa, mtoto aliumwa wiki ileile, Jumamosi ya tarehe 22 sikwenda. Zamani ningenyamaza mpaka kikao cha Agosti nije na maelezo. Safari hii jioni ileile nikaandika kwenye grupu, 7/1 bado, sababu ni hii, nitaenda Jumatano tarehe 26. Nikaenda tarehe 26. Nimejifunza kwamba azimio kuchelewa sio tatizo kubwa, tatizo ni kuchelewa watu wasijue, maana wale wengine wamepanga vyao juu ya chako.

La 7/2, tarehe 13 Agosti mweka hazina akaleta vishina, watu 19 wamelipa, 760,000. Watano bado. Na hapa ndo nikaona kazi ya tarehe, kwasababu kikao kilikuwa na kitu mkononi cha kuamulia. Tukaazimia palepale watano hao wana wiki moja mpaka tarehe 20, baada ya hapo mbegu zinanunuliwa kwa hela iliyopo na atakayekosa asilaumu mtu. Watatu wakaleta, wawili wakasema mwaka huu hawawezi, tukaenda na 880,000. Mbegu ziliingia kwenye vichanja Septemba, Novemba tulipanda zikiwa na machipukizi ya urefu wa ukucha. Mwaka ule sikuona nyuzi za maziwa kwenye glasi shambani kwangu.

Kuandika vizuri peke yake hakutoshi lakini, na hili lilinichukua muda kulielewa. Mwanzoni nilikuwa nayatengeneza hayo maazimio nyumbani usiku, natulia, nayapanga, yanapendeza. Kikao kinachofuata nikasoma kwamba kijana wa bodaboda atapeleka sampuli ya udongo mjini, akasimama akasema dada katibu samahani, mimi sikukubali, mimi nilisema nitajaribu kama nitapata abiria wa kwenda mjini. Na alikuwa na haki kabisa. Mimi ndo niligeuza "nitajaribu" yake ikawa "atapeleka" bila yeye kuwepo.

Tangu siku hiyo nayasoma kabla ya sala ya kufunga. Nasoma maazimio tu, sio muhtasari wote, nataja jina, namwangalia mtu, anaitika "nimekubali" au anasahihisha hapohapo. Inachukua dakika tano, sita kukiwa na mengi. Mwenyekiti ameifanya sheria kabisa, mtu akianza kusimama anamwambia subiri ndugu yangu, katibu asome ndo tusali. Utashangaa ni mara ngapi katika dakika hizo tano watu wanagundua hawakuelewana, mmoja alidhani tumekubaliana kuuza kwa gunia, mwingine kwa kilo, na wote walinyoosha mkono wakijua wamekubaliana. Ni heri wagombane wakiwa bado ndani ya darasa.

Jambo lingine linaloendana na hilo, asiyekuwepo hapewi kazi. Sisi tulikuwa na tabia hiyo sana, fulani ana pikipiki, mpeni fulani, na fulani yuko Makambako kwenye harusi. Anakuja kusikia mwezi mmoja baadaye siku anaulizwa kwanini hajafanya. Saivi kama kweli lazima awe yeye, anapigiwa simu palepale, spika inawekwa, anaitika mbele ya watu. Asipopokea, kazi anapewa aliyepo.

Nije kwenye daftari lenyewe. Muhtasari naandika mbele kama kawaida, mahudhurio, udhuru, ajenda, lakini mfupi saivi, kurasa mbili. Maazimio nayaandika mara ya pili nyuma ya kaunta buku, nimeigeuza juu chini nikaanza kutokea mwisho, nimepiga mistari kwa rula: namba, azimio, mhusika, tarehe, hali. Ukifungua ukurasa wa nyuma unaona kila kitu ambacho kikundi kinadaiwa na nafsi yake bila kutafuta kwenye kurasa 90. Hali ziko nne tu, limefanyika, bado, limesogezwa, limefutwa. "Naendelea nalo" sio hali, nikiambiwa hivyo naandika bado na naomba tarehe. Tarehe mpya naiandika pembeni ya ile ya zamani, ile ya zamani naiacha isomeke, sifuti na siweki dawa nyeupe ya kufutia kamwe. Ukikosea mahali piga mstari mmoja katikati, andika sahihi juu yake, weka saini, na mwenyekiti asaini. Tulishawahi kuwa na ubishi kama mchango ulikuwa elfu thelathini au thelathini na tano, kwenye daftari kulikuwa na namba imekwanguliwa na wembe na hakuna aliyemwamini mwenzake siku ile, tangu hapo kila hela naiandika kwa tarakimu na kwa maneno.

Kwenye yatokanayo tulibadilisha mpangilio. Zamani nasoma muhtasari wote, watu wanachoka, yatokanayo tunayapitia mbio ili tufike ajenda mpya zenye mvuto. Sasa tukishathibitisha muhtasari tunakwenda moja kwa moja ukurasa wa nyuma, nasoma yaliyo wazi tu, na mhusika anajibu kwanza neno moja, limefanyika au bado, maelezo baadaye kama yanahitajika. Ni kitu kidogo lakini mtu akianza na maelezo, ukweli kwamba bado unazama kwenye hadithi.

Kuna azimio moja lilinifundisha kuliko yote, la bati la banda la mbegu. Bati mbili zilitoboka, maji yanadondokea kwenye kichanja. Azimio likawa na kila kitu, mhusika ni makamu mwenyekiti, ataleta fundi, tarehe ipo. Mwezi wa kwanza bado. Wa pili bado. Wa tatu bado, na yule ni mzee wetu, ana umri wa baba yangu, hakuna aliyekuwa tayari kumuuliza mbele za watu mara ya nne. Nikawa nalisoma haraka haraka nipite.

Alhamisi moja kabla ya kikao nikaamua kwenda kwake. Nikamkuta anapanga kuni. Shikamoo mzee. Marahaba mwanangu, karibu. Nikakaa, tukaongea habari za watoto na mvua, nikanywa chai, ndo nikamwambia mzee, lile la bati, kuna kitu kinakukwamisha ambacho sisi hatukijui? Akacheka kidogo akanyamaza, halafu akasema mwanangu, fundi alikuja mwezi ule ule wa kwanza, akapanda juu, akaangalia, akataka elfu ishirini na tano ya bati na misumari kabla hajaanza. Sasa mimi niseme kikundi kimetoa, kikao kilipitisha hela lini?

Kweli hatukupitisha. Tulimtuma afanye kazi tukasahau kumpa uwezo, na kwa heshima yake hakutaka kuja kuomba hela mbele ya kikao ikaonekana anajitafutia. Miezi mitatu tulimwona mzee hatekelezi kumbe kikao ndo kilikuwa na uamuzi ambao haujafanyika. Jumapili ile azimio hilo la bati, namba 2/3, tukalifuta, tukaandika mawili mapya, mweka hazina atatoa 25,000 (elfu ishirini na tano) siku ileile kwa saini, na mzee atasimamia fundi mpaka Jumamosi. Ijumaa bati zilikuwa juu.

Tangu hapo azimio likisogezwa mara tatu halisogezwi mara ya nne. Kabla ya kikao naenda kwa mhusika, nyumbani, sio kwenye grupu, naomba anieleze kilichokwama. Mara nyingi ni hela haikupitishwa, au anahitaji barua yenye muhuri, au kazi ni kubwa kuliko mtu mmoja na inabidi igawanywe, na mara chache ni kwamba jambo lenyewe hatulitaki tena na hakuna anayethubutu kusema lifutwe. Kufuta ni uamuzi halali, tunauandika na sababu yake.

Wasapu inasaidia ila ina mipaka yake. Jioni ileile ya kikao naandika maazimio kwenye grupu kwa maneno, sipigi picha daftari maana picha haisomeki na huwezi kuitafuta baadaye, halafu naibandika meseji juu ya grupu kwa siku 30, inafika karibu na kikao kinachofuata. Bila kuibandika, kesho asubuhi salamu na video za mahubiri zimeshaifunika. Wanachama saba hawana simu janja, hao kila mwenye azimio nampa kikaratasi mkononi kabla hajatoka mlangoni, jina lake, kazi yake, tarehe. Kuna mama mmoja anakichomeka kwenye kanga anakifunga fundo pamoja na hela, na huyo hajawahi kuchelewa hata mara moja. Lakini ubishi ukitokea tunarudi kwenye daftari lenye saini, sio kwenye simu.

La benki nalitaja kwa kifupi tu. Tulipobadilisha viongozi niliandika "kikao kiliridhia viongozi wapya wawe watia saini". Benki wakaurudisha muhtasari. Walitaka majina kamili kama yalivyo kwenye vitambulisho, nani anatoka nani anaingia, na orodha ya waliohudhuria yenye saini zao. Ikabidi tuitishe kikao kingine, wiki tatu hela ya kikundi imekaa bila mtu wa kuitoa, na ilikuwa msimu wa mbolea. Na hapo nilikuwa nimeandika tena kile kitu kilekile, uamuzi usio na mtu ndani.

Juzi Jumamosi tulikaa barazani kwangu na katibu mpya kufanya makabidhiano. Ni binti mdogo, amemaliza kidato cha nne mwaka juzi, mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu. Sikuanza na kurasa za mbele, nikageuza daftari nikamfungulia nyuma. Maazimio yaliyo wazi yako sita. Tukayasoma moja moja, akawa anarudia majina, akaandika orodha yake, tukasaini wote wawili mbele ya mwenyekiti.

Akasimama kwenye lile la mizani. Kikundi kilinunua mizani yake ili tuachane na lumbesa, ila haitumiki mpaka Wakala wa Vipimo waihakiki na kuipiga chapa, na mhusika ni mweka hazina. Akaniuliza dada, hili mbona lina tarehe tatu? Nikamwambia basi wiki hii nenda kwa mama mweka hazina nyumbani, kunywa naye chai, muulize kimekwama nini.

Akachukua kalamu ya risasi, akaandika pembeni jina lake na "Alhamisi".